Tungule Mbovu na Bisi: Kwa Nini Wahakiki na Watazamaji Hawakubaliani

Siku chache kabla ya Idi, mama mmoja jirani yetu alitujia na simu mkononi. Wanawe walikuwa wamemwomba The Lion King, ile ya mwaka 2019, waitazame nyumbani baada ya chakula cha sikukuu. Yeye, kama afanyavyo mzazi mwangalifu, alitaka kwanza kujua watu wanaisemaje. Tovuti ya Rotten Tomatoes ilimpa majibu mawili yaliyokaa ubavu kwa ubavu: wahakiki asilimia 52, watazamaji asilimia 88. Akatuuliza, "Sasa nimwamini nani? Na hawa wameitazama filamu moja kweli?"

Wameitazama filamu moja. Lakini hawakuulizwa swali moja, wala hawakuingia ukumbini kwa mlango mmoja, na hapo ndipo penye siri ya tofauti hiyo.

Tuanze na ile 52, kwa kuwa ndiyo inayosomwa vibaya zaidi. Wengi wetu tukiona asilimia hudhani ni alama za mtihani, kwamba filamu imepata 52 juu ya 100 na imeponea chupuchupu. Sivyo. Tovuti hiyo, ambayo jina lake kwa lugha yetu ya Mvita ni Tungule Mbovu, huyakusanya maandishi ya wahakiki iliowakubali na kuyagawa mafungu mawili tu: waliopendekeza filamu na wasioipendekeza. Kisha hutoa hesabu ya fungu la kwanza. Filamu ikifikia asilimia 60 huwekewa tungule jekundu zima. Ikipungua hapo huwekewa alama ya kijani iliyopondeka. Kwa hiyo 52 yasema kwamba kidogo zaidi ya nusu ya wahakiki waliipendekeza. Haituambii waliipenda kiasi gani.

Mfano wa kubuni utaliweka jambo hili wazi. Tuchukue wahakiki kumi. Katika filamu ya kwanza, sita wameipa alama 6 juu ya 10 na wanne wameipa 4. Katika ya pili, sita wameipa 9 na wanne wameipa 2. Zote mbili zitatoka na asilimia 60 ileile. Ya kwanza ni filamu ya kawaida isiyomchukiza mtu wala kumsisimua. Ya pili imewagawa watu pande mbili. Mzazi anayesoma asilimia peke yake hawezi kuzitofautisha. Hata hivyo, ukiibonyeza ile asilimia utaona pia wastani wa alama zenyewe. Wastani wa The Lion King kwa wahakiki ni karibu 6 juu ya 10, na tovuti nyingine, Metacritic, ambayo hukokotoa wastani badala ya kuhesabu mafungu, iliipa 55 juu ya 100. Basi wahakiki hawakuichukia. Wengi wao waliiona ya wastani, na waliokuwa katikati waliangukia huku au huku.

Ile 88 nayo ni hesabu ya namna hiyohiyo: ni sehemu ya watazamaji walioipa nyota tatu na nusu au zaidi kati ya tano. Ila watazamaji hawa ni nani? Ni watu waliotoa fedha zao kwa hiari, wengi wao wakiwa na watoto, kwenda kuangalia hadithi waliyoijua tangu mwaka 1994 ilipotoka kwa michoro. Asiyependa simba wanaoimba hakukata tiketi, na kwa hivyo hakupiga kura. Mhakiki hana uchaguzi huo. Hutumwa na gazeti lake, hutazama filamu nyingi kila mwezi, na lazima aandike hata juu ya asiyoipenda. Ndiyo sababu filamu zinazomlenga mtu mahususi, kama za watoto, mara nyingi hupata alama za juu kwa watazamaji kuliko kwa wahakiki. The Super Mario Bros. Movie ya mwaka 2023 ni mfano mwingine: wahakiki 59, watazamaji 95.

Yafaa pia kusikia wahakiki walilalamikia nini. Walisema kwamba filamu hiyo iliyoongozwa na Jon Favreau imeifuata ile ya 1994 karibu hatua kwa hatua, na kwamba wanyama wake wamefanywa wa kweli mno hata nyuso zao zikakosa huzuni na furaha. Kwa mtu anayeikumbuka ya zamani, malalamiko hayo yana uzito. Kwa mtoto wa miaka saba ambaye hajaiona, hayana. Sisi wa pwani, tuliokua tukisema simba, rafiki na pumbaa kabla Hollywood haijayafanya majina, huenda tukacheka mahali ambapo mhakiki wa New York hakucheka.

Hata hivyo, tusiziamini kura za watazamaji kwa sababu tu ni za watu kama sisi. Mwaka 2017 ilitoka Star Wars: The Last Jedi. Wahakiki waliipa 91. Watazamaji katika tovuti ileile wakaipa zaidi kidogo ya 40. Mtu angesema umma uliikataa. Lakini kuna kampuni ya Marekani iitwayo CinemaScore, ambayo huwagawia kadi watu wanaotazama filamu usiku wa kwanza na kuwauliza papo hapo. Kadi hizo ziliipa filamu hiyo A. Ni watazamaji hawa na wale, alama mbali kabisa! Tofauti ni kwamba kadi hupewa aliyekuwa ukumbini, ilhali wakati ule tovuti ilimruhusu yeyote kupiga kura, na aliyekasirika ndiye mwenye haraka ya kuandika. Mwaka 2019 tovuti ikafanya mageuzi: ikaondoa maoni yanayotolewa kabla filamu haijatoka, kisha ikaanza kutenga kura za waliothibitika kununua tiketi. Uthibitisho huo hutegemea wauzaji tiketi wa Marekani, kwa hivyo tiketi iliyokatwa Mombasa haimo. Lakini 88 ya The Lion King, iliyotoka Julai mwaka huohuo baada ya mageuzi hayo, ina msingi imara kuliko ile 40 na kitu.

Tulimshauri jirani yetu hivi: akiona pengo kubwa, asitafute nani mkweli, bali asome maoni mawili ya wahakiki waliokataa na mawili ya watazamaji waliotoa nyota tatu, kwani wa nyota tano na wa nyota moja hawaelezi mengi. Pia tulimwambia jambo ambalo alama zote mbili hazilijibu: kama yafaa kwa watoto wake. Mavazi, lugha, mapenzi, uchawi, hofu, hayo hayahesabiwi katika tungule wala bisi. Kwa hayo kuna alama za Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya, GE, PG, 16 na 18, na kuna macho ya mzazi mwenyewe.

Aliyasoma maoni hayo na kugundua kwamba wazazi wengi walitaja kifo cha Mufasa, kilichowaliza wadogo. Akaamua kitindamimba wake wa miaka minne alale kwanza. Wale wakubwa wawili waliitazama mpaka mwisho na kuomba tena kesho yake. Yeye mwenyewe, alituambia, alikubaliana na wahakiki.