Kobe Anayengoja Mvua: Jinsi Hadithi ya Watoto Inavyojengwa

Hadithi ya kobe anayejifunza subira huku akingoja mvua huandikiwa watoto wa miaka 5 hadi 8, na ugumu wake hujitokeza mapema: kungoja si tendo. Sungura akikimbia kuna la kusimulia, lakini kobe akitulia hakuna. Ukurasa wa pili kobe anangoja, wa tatu bado anangoja, na mtoto anayesomewa ameshaanza kuchokonoa mkeka. Watunzi wengi hutafuta njia ya mkato. Humleta kobe mzee mwenye miwani, akamwambia mjukuu wake kwamba subira huvuta heri, kisha mvua ikanyesha na kitabu kikaisha. Mtoto hapo hajaiona subira. Ameisikia ikitajwa tu.

Masimulizi ya kale hayakumchukulia kobe kuwa mpole anayejikalia. Katika ngano za Zanzibar alizozichapisha George Bateman mwaka 1901, Simba anamkamata Kobe na kutaka kumla, ila gamba linamshinda. Kobe anampa shauri: amtie kwenye matope na kumsugua mpaka gamba litoke. Simba anasugua kweli, kumbe Kobe ameshaponyoka na kinachosuguliwa ni jiwe. Huyo ni kobe mjanja. Subira yake inaonekana zaidi katika ngano nyingine, inayosimuliwa kwa namna nyingi na jamii mbalimbali za Kibantu. Ukame umeingia, wanyama wanachimba kisima, Sungura anakataa kuchimba, kisha usiku anakuja kuiba maji. Walinzi wenye nguvu wanashindwa mmoja baada ya mwingine. Kobe anajipaka ulimbo mgongoni, anazama majini, analala kimya kama jiwe. Mwizi anakanyaga jiwe hilo na kunasa. Kungoja kwa Kobe hapa ni kazi, kuna shabaha, na mtoto anaelewa mara moja kwa nini kobe hatikisiki. Mtunzi wa leo anapaswa kulipata jambo la namna hiyo, yaani sababu ya kungoja ambayo mtoto anaweza kuiona kwa macho.

Sababu hiyo imo katika maisha ya kobe mwenyewe. Kobe mkubwa mwenye madoadoa kama ya chui, anayepatikana kuanzia Sudani na Ethiopia hadi Afrika Kusini, hutaga mayai ndani ya shimo analolichimba kwa miguu ya nyuma. Ardhi ikiwa ngumu huilainisha kwa mkojo wake. Akimaliza hufukia, hushindilia udongo, kisha huondoka moja kwa moja. Mayai hukaa ardhini zaidi ya miezi 8, na mara nyingine hupitisha mwaka. Watoto hulivunja ganda kwa kijino kidogo kilicho kwenye ncha ya mdomo, nao wakitoka huwa na urefu wa sentimita 4 au 5 hivi. Wakianguliwa wakati wa kiangazi, juu yao kuna udongo uliokauka kama tofali. Hukaa humo humo shimoni, pengine kwa majuma kadhaa, mpaka mvua ilainishe ardhi. Muda wote huo hula akiba ya kiini cha yai iliyobaki tumboni.

Mtunzi akilijua hilo, hadithi yake imepata uti wa mgongo. Kobe anayengoja mvua si lazima awe mzee kando ya bwawa lililokauka. Anaweza kuwa mtoto aliyezaliwa leo, aliyefungiwa gizani na ndugu zake, mwenye chakula kidogo kisichoongezeka. Kila anapochimba udongo mgumu anakula akiba yake. Subira inakuwa hesabu ya chakula, na mtoto wa miaka 6 anaiweza hesabu hiyo.

Mahali panapoifaa hadithi hii ni Dodoma. Pwani kuna masika na vuli, kwa hiyo anayekosa mvua moja hutumaini nyingine. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza Desemba au mwishoni mwa Novemba na kuishia Aprili. Miezi inayobaki ni mikavu. Jambo la kumfaa mtunzi zaidi ni kwamba msimu huo mara nyingi hutanguliwa na mvua ya kudanganya: inanyesha kidogo, vumbi linatulia, watu wanafurahi, kisha jua linarudi kwa siku nyingi. Wakulima wanaijua vizuri, maana aliyepanda kwa pupa huona mbegu zikichipua na kukauka. Kitendo kikuu cha hadithi kinatoka hapo.

Hadithi yenyewe inaweza kwenda hivi. Chini ya mbuyu kuna shimo, na ndani yake kuna mayai 9. Wa kwanza kuanguliwa ni Kifungua, wa mwisho ni Kitinda. Kifungua hana simile. Ganda la yai halijamtoka vizuri kichwani, tayari anagonga dari ya udongo: ko, ko, ko! Anauliza nani amefunga mlango. Ndugu zake wanajibu kwa pamoja kwamba haujafungwa, umekauka. Maneno hayo yatarudi kila anapogonga, na ufikapo mgongo wa pili watoto wanaosomewa watakuwa wanajibu wenyewe kabla msomaji hajafungua kinywa. Kibwagizo cha aina hii hufanya kazi mbili: kinawapa wasikilizaji la kufanya wakati kobe hana la kufanya, na kinapima muda, kwa kuwa mtoto wa umri huo hajui mwezi ni nini. Anajua mara ya kwanza, mara ya pili na mara ya tatu.

Muda hupimwa pia kwa sauti za juu. Kwato za mbuzi zinapita zikigonga kwa ukavu. Upepo unaburuta majani. Siku moja sauti inabadilika, tone moja, matone mawili, kisha kishindo. Kifungua anapiga kelele kwamba mvua imekuja, na anaanza kuchimba. Anachimba mchana kutwa. Vumbi linawaangukia ndugu zake machoni. Jioni kishindo kinakoma, na Kifungua amekwama nusu ya njia, amechoka, udongo uliomzunguka ni mkavu vilevile. Mvua ililowesha upana wa vidole viwili tu vya ardhi, na kesho yake jua likaukausha. Anateremka kinyumenyume.

Mchoraji akipewa nafasi yake, ukurasa huu hauhitaji maelezo mengi. Ardhi ichorwe kama iliyokatwa kwa kisu, juu mbuyu na mbuzi, chini shimo na kobe wadogo, na kwenye tumbo la kila kobe kuwe na duara la njano linaloonyesha akiba ya kiini. Duara hilo lipungue polepole kwa wote kila ukurasa unapofunguliwa. Baada ya mchana ule wa kuchimba, la Kifungua liwe dogo kuliko ya wenzake. Mtoto atalinyooshea kidole mwenyewe. Mtunzi akiandika hapo kwamba haraka haraka haina baraka, amemnyang'anya mtoto ugunduzi wake, na kosa hili ndilo linaloharibu vitabu vingi vya aina hii kuliko jingine lolote.

Baada ya kushindwa, Kifungua hapaswi kubadilika ghafla na kuwa mpole. Anatafuta namna ya kujua. Anachomeka ukucha kwenye dari na kuutazama: ukirudi na vumbi, bado, ukirudi na tope, tayari. Kishindo cha pili kinapokuja, Kitinda na wengine wanaruka, na safari hii Kifungua ndiye anayewazuia. Anachomeka ukucha. Vumbi. Ndugu wanalala wakinung'unika. Kishindo cha tatu kinadumu usiku kucha, na asubuhi ukucha bado unarudi na vumbi. Inafaa kitendo hiki kisiharakishwe, kwa sababu ndicho kigumu kuliko vyote: mvua inasikika, ni ya kweli, lakini maji huchukua muda kupenya ardhi iliyokauka miezi saba. Usiku unaofuata ukuta unaanza kutoa jasho. Ukucha unarudi na tope. Wanachimba wote tisa, na dari inaporomoka kwa urahisi.

Kuna mtego mmoja ambao hata watunzi wazuri hunasa. Ni rahisi kuandika kwamba Kifungua alipotulia, mvua ikanyesha, kana kwamba mawingu yalikuwa yakimpima tabia. Mtoto wa Dodoma ameona mvua ikichelewa ilhali watu wote wamesubiri kwa adabu, kwa hiyo hadithi inayomwambia vinginevyo inamdanganya. Kifungua asiwe ameileta mvua. Alichokipata kwa kutulia ni kubaki na nguvu za kutosha siku ilipokuja. Mtunzi anaweza kuijaribu hadithi yake kwa swali dogo: je, mvua ingenyesha siku ileile hata kama Kifungua angeendelea kuchimba? Jibu likiwa ndiyo, kisa kimesimama.

Kwa urefu, maneno 500 hadi 600 yanatosha kwa kitabu cha kurasa 24, ambacho ni ukubwa wa kawaida wa vitabu vya picha. Kurasa zisigawane maneno kwa usawa. Mchana wa kuchimba uende haraka, sentensi fupi fupi zikisukumana. Usiku wa kungoja upewe kurasa mbili zenye giza na mstari mmoja mmoja wa maneno, ili msomaji mwenyewe alazimike kupunguza mwendo. Anayesoma kwa sauti mbele ya watoto atajua kama mizani imekaa: wakianza kugeuza ukurasa kabla hajamaliza kwenye usiku ule wa tatu, wanataka kujua, hakuna tatizo, wakianza kuzungumza mambo mengine kwenye kishindo cha pili, basi sehemu hiyo imerudia ya kwanza bila kuongeza kitu.

Linabaki swali ambalo watoto huliuliza karibu kila wanaposikia habari za mayai: mama yao yuko wapi? Kumleta mama akiwalaki mlangoni kunavutia, lakini si kweli, na kunaivunja hadithi, kwa kuwa mama angeweza kuchimba toka nje akamaliza tatizo siku ya kwanza. Ni afadhali jibu litolewe mapema na kwa wepesi, katika ukurasa wa kwanza: mama kobe alichagua mahali, akachimba, akafukia, akaenda zake, ndivyo kobe wafanyavyo. Mwishoni kobe wadogo wanatoka kwenye nyasi changa, na kumbikumbi wanaruka, kama ilivyo kawaida baada ya mvua ya kwanza nzuri. Kisha kila mmoja anashika njia yake, maana kobe hawaishi kwa kundi. Kitinda anageukia kulia, Kifungua kushoto, naye anasimama kwenye jani la kwanza analokutana nalo na kuanza kula.