Mbona Mpaka Leo Uko Singo?

Ujumbe uliingia saa moja na dakika kumi asubuhi, nikiwa natafuta soksi ya pili ili niwahi kipindi. "Mwangaluka dada. Ndo natoka shifti ya usiku. Samahani, swali moja tu: mbona mpaka leo uko singo?"

Tinder ilikuwa imetukutanisha siku nne kabla. Yeye ni fundi mitambo kwenye mgodi mmoja huko Geita. Mimi nipo mwaka wa tatu, mzaliwa wa Kahama, umri miaka 27. Nilichelewa kuingia chuo kwa sababu baada ya kidato cha sita nilikaa miaka mitano Katoro nikiuza duka la vifaa vya wachimbaji: kamba, makoleo, tochi za kichwani. Nilikuwa na mtu huko. Naye siku moja alisikia kuna rashi Chunya, akafunga begi, na simu zikaanza kupungua hadi zikaisha.

Kwa hiyo swali lilinichoma. Niliandika hivi: "Kwani umekuja kunichunguza? Nyie wanaume wa machimbo nawajua, hamtulii." Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kutuma. Kilichoniokoa ni bajaji, maana dereva alipiga honi nje na nikatoka mbio.

Darasani sikusikiliza kitu, nisamehewe. Nilikuwa nalichambua lile swali, na neno lililonikamata ni "mbona". Mbona si sawa na "kwa nini". Anayeuliza "kwa nini umechelewa" anataka sababu, na anaweza kuipima. Anayeuliza "mbona hujala" ameshangaa tu. Alitegemea uwe umekula, sasa anaona sahani imejaa. Hatarajii maelezo ya ukurasa mzima. Vivyo hivyo, "mbona uko singo" maana yake ni: nakuona uko vizuri, sasa kuna kitu gani sikioni? Ndani yake kuna sifa kidogo na wasiwasi kidogo. Mimi nilikuwa nimesikia mashtaka.

Na wasiwasi wenyewe, kwa ukanda wetu, una msingi. Kuanzia Kahama hadi Geita watu wanahama kufuata dhahabu. Duara likitoa, kijiji kinajaa ndani ya wiki. Likikauka, watu wanahamia kwingine. Mtu anaweza kuwa na familia Bukombe, chumba Katoro, na jina la utani tu huko aliko sasa. Aliyekaa huku akikuuliza mbona uko singo, mara nyingi anauliza mambo matatu kwa mpigo: una mume mahali? Una mtoto? Kuna mtu atakayenipigia simu usiku? Kujua hilo kulinipunguzia hasira. Na mimi nilikuwa na maswali hayohayo juu yake.

Sasa jibu. Nilijaribu matatu akilini kabla ya kupata moja. La kwanza lilikuwa lile la bajaji. Ubaya wake si ukali peke yake. Linamhukumu mtu ambaye bado hajafanya lolote kwa makosa ya aliyekwenda Chunya. La pili lilikuwa mzaha: "Nilikuwa nakusubiri wewe." Tamu, lakini halijibu, na mwenye wasiwasi akipewa mzaha anajua umekwepa. La tatu lilikuwa ukweli wote, tangu tulivyokutana dukani hadi nilivyolia stendi. Hilo ningelituma kwa sauti, na ingefika dakika nne. Mtu aliyetoka shifti ya usiku akiona dakika nne, hata kabla hajabonyeza, ameshajua kidonda hakijapona.

Hapo ndipo Kiswahili chenyewe kilinisaidia. Angalia vitenzi. Ukisema "aliniacha", kuna mkosaji na kuna mwathirika, na msikilizaji analazimika kuchagua upande. Ukisema "niliachwa", mkosaji ametoweka lakini wewe umebaki chini. Ukisema "tuliachana", jambo limetokea kati ya watu wawili na limekwisha. Hakuna anayebeba lawama. Wengine watasema huko ni kuficha. Sioni hivyo. Mtu wa siku nne hana haja ya kujua nani alifunga begi. Anahitaji kujua kama begi limeondoka.

Halafu kuna "bado". Nyumbani ukiulizwa na shangazi, "Umeolewa?", hujibu "hapana", kwa sababu hapana inasikika kama umekataa ndoa na ukoo wote. Unasema "bado, shangazi", mlango unabaki wazi na maongezi yanaendelea. "Sijapata tunayeendana" inafanya kazi ileile. "Sipati mtu", kwa upande wake, ni kilio, na "wanaume hawaeleweki" ni hukumu. Kipimo changu kimekuwa rahisi: kama jibu lina neno "wanaume", "wanawake" au "siku hizi watu", nalifuta naanza upya, maana hapo sijijibii tena mimi.

Nilichotuma saa nne, kipindi kilipoisha, ni hiki: "Mwangaluka kaka, pole na shifti. Nilikuwa na mtu miaka mitatu, akahamia mbali, tukaachana mwaka juzi. Baada ya hapo nikaingia chuo kikamili, bado sijapata tunayeendana. Sina mtoto. Na wewe je, mbona uko singo?"

Utaona kuna tukio moja, muda wake, na maisha ya sasa. "Sina mtoto" niliiweka kwa makusudi kwa sababu nilijua ndiyo iliyokuwa inamkereketa. Ningekuwa naye ningesema "nina binti wa miaka mitano, yuko na bibi yake Kahama", kwa sauti ileile, bila "kwa bahati mbaya". Na swali nililirudisha kwa neno lilelile, mbona, ili tuwe sawa.

Kuna mahali ambapo jibu zuri halitoshi. Kama ulifunga ndoa na mmetengana tu, wewe si singo, hata kama hamjaonana mwaka mzima. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, ndoa huvunjwa na mahakama, na kwa kawaida lazima kwanza mpitie baraza la usuluhishi. Sheria hiyohiyo inasema mwanamume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja miaka miwili au zaidi na kutambulika kama mume na mke, wanaweza kuchukuliwa kuwa wameoana. Machimboni wengi wamekaa hivyo. Mwenye hali hiyo aiseme mapema, maana hapo anayeuliza ana haki ya kujua.

Yeye alijibu saa kumi jioni, alipoamka. Kwanza alirudia: "Kweli ni hivyo tu? Hakuna kingine?" Hapa ndipo wengi tunaharibu, tunaanza kumwaga yale ya stendi. Niliandika, "Ndiyo, ni hivyo tu. Nasubiri zamu yako."

Alikaa akiandika muda mrefu, naona vile vidoti vinacheza. Kisha ikaja: ana mtoto wa kiume Bukombe, anamtumia hela kila mwisho wa mwezi, waliachana na mama yake kabla hajapata kazi mgodini, na aliogopa kusema kwa sababu wa kwanza aliyemwambia alimfungia siku hiyohiyo.

Nikamuuliza mtoto anaitwa nani.