Miss Muffet Alikalia Nini?

Watoto wengi, Uingereza na hata huku kwetu kwenye shule za chekechea za Kiingereza, huimba wimbo wa Miss Muffet kabla hawajajua kusoma. Binti amekaa anakula, buibui anatokea, binti anatimua mbio. Waulize alikuwa amekalia nini, watakwambia kigoda, kwa sababu ndicho wanachokiona katika vitabu vingi vya picha.

Neno lililomo wimboni ni "tuffet", na asili yake haina uhusiano na samani. Ni ndugu wa "tuft", yaani kishungi. Tuffet lilikuwa fundo la nyasi zilizoota pamoja. Kwa maana hiyo wimbo unatoka sebuleni na kuingia malishoni, mahali ambapo buibui hahitaji kuelezwa amefikaje. Neno lilipopotea katika mazungumzo likabaki ndani ya wimbo, na watu wakakisia: aliyekaa lazima kakalia kiti. Huenda lilichanganywa pia na "buffet", ambalo kaskazini mwa Uingereza ni kigoda hasa. Leo kamusi zinakubali maana zote mbili, na maduka yanauza vigoda kwa jina la tuffet. Kwangu hili ndilo la ajabu zaidi: wimbo wa watoto umelipa neno maana mpya.

Chakula chake nacho kinawatatiza Waingereza wa leo. Maziwa fufutende yalitiwa dawa ya kugandisha iliyotoka katika tumbo la ndama. Baada ya muda yalishikana, na yalipokatwa yakatoa maji ya rangi ya kijani-njano. Mabonge ndiyo "curds", maji ndiyo "whey". Mtu aliyezoea maziwa ya mgando ameshaona maji kama hayo yakijitenga, ila mgando wetu huganda kwa kuchacha, ilhali ule wa Miss Muffet uliweza kuganda bila kuwa mchachu. Mabonge yakikamuliwa na kukandamizwa, huo ndio mwanzo wa jibini.

Wapo wanaosema binti huyu alikuwa wa familia ya Thomas Muffet, tabibu aliyeandika kuhusu wadudu. Hadithi inavutia, lakini itazame kwa miaka. Tabibu alifariki mwaka 1604, na wimbo unaonekana kwa mara ya kwanza katika kitabu mwaka 1805, miaka mia mbili baadaye. Tena, katika matoleo mengine ya karne ya 19 binti ana jina jingine, na alichokikalia kinabadilika ili kilingane na jina hilo kwa kina. Kwa hiyo anayemtafuta Miss Muffet katika ukoo wa tabibu anatafuta mtu ambaye yaelekea jina lake lilichaguliwa na vina tu.