Jumla Imelingana, Mlinzi Hajalipwa

Mhasibu wa kampuni moja ya ulinzi, tuseme iko Mwanza, anamaliza kuandaa faili la mishahara ya Julai. Lina mistari 64, na jumla yake ni shilingi 41,860,000. Orodha ya mishahara iliyosainiwa na meneja nayo ina watu 64 na jumla hiyohiyo. Wengi wangepakia faili kwenye mfumo wa benki hapohapo na kwenda kunywa chai.

Lakini mlinzi namba 031 hamo. Alikuwa likizo, mstari wake ukaondolewa, na aliporudi mtu akanakili mstari wa namba 027 ili abadilishe jina na akaunti. Simu ikalia, akasahau. Walinzi hao wawili wanapokea mshahara sawa, shilingi 386,500 baada ya makato, kwa hiyo idadi haikupungua wala jumla haikuyumba. Mmoja angelipwa mara mbili na mwenzake asipate hata senti.

Kosa la namna hii huonekana kwa kuhesabu kila namba ya mfanyakazi imetokea mara ngapi. Kama namba hizo ziko safu ya A na akaunti ziko safu ya E, kwenye Excel huandikwa hivi kando ya mstari wa kwanza, kisha huburutwa hadi chini:

```
=COUNTIF(A$2:A$65,A2)
```

Kila mstari unapaswa kutoa 1. Ukitoa 2, kuna pacha. Jaribio hilo hurudiwa kwenye safu ya akaunti, kwa sababu majina mawili tofauti yanayolipwa kwenye akaunti moja ni jambo la kuulizwa. Inawezekana ni mume na mke. Inawezekana pia ni mfanyakazi hewa. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilitangaza kuwaondoa watumishi hewa zaidi ya 10,000 kwenye mishahara yake, kwa hiyo swali hilo si la kumwonea mtu.

Adui wa pili ni sifuri. Akaunti za baadhi ya benki huanza na 0, na Excel ikifungua faili la CSV huichukulia namba ya akaunti kama hesabu ya kawaida, ikaifuta sifuri ya mbele. Namba ndefu huweza kugeuka kuwa kitu kama 1.52E+11, na ikizidi tarakimu 15, zinazofuata huwa sifuri tupu na hazirudi tena. Kipimo ni `=LEN(E2)`: kama akaunti za benki fulani zina tarakimu 13, jibu la 12 linatosha kusimamisha kazi. Tiba ni kuingiza faili huku safu ya akaunti ikiwa imewekwa kama maandishi, yaani Text. Na ukaguzi wa mwisho ufanyike kwenye Notepad, ambayo huonyesha faili lilivyo bila kulirekebisha.

Urefu sahihi, hata hivyo, hauthibitishi mwenye akaunti. Mfumo wa malipo unaweza kufuata namba tu bila kulinganisha jina. Akaunti isiyokuwepo hurudishwa na benki. Akaunti halali ya mtu mwingine hupokea. Ndiyo maana faili la Julai hulinganishwa na lile lililolipwa Juni:

```
=E2=VLOOKUP(A2,Juni!A:E,5,FALSE)
```

Jibu la FALSE maana yake akaunti imebadilika, na kila badiliko lazima liwe na barua iliyosainiwa. Barua pepe haitoshi. Matapeli hujifanya wafanyakazi na kuomba mshahara uhamishiwe kwingine. Mhusika apigiwe simu kwa namba iliyomo kwenye jalada lake, kamwe si ile iliyoandikwa kwenye ombi. Jibu la #N/A ni mtu ambaye Juni hakuwemo, naye adaiwe mkataba. Kisha kazi igeuzwe: kila jina la orodha iliyosainiwa litafutwe ndani ya faili. Hapo ndipo 031 angeonekana amekosekana.

Jumla zikipishana, tofauti yenyewe huelekeza pa kutazama. Ikilingana na mshahara wa mtu mmoja, huenda ameachwa au amerudiwa. Ikigawanyika kwa 9, shuku tarakimu zilizopishana: 870,000 ikiandikwa 780,000, pengo ni 90,000. Ni dokezo tu, kwani namba nyingine hugawanyika kwa 9 kwa bahati. Pengo la senti chache kwa kawaida hutokana na makato yasiyokadirishwa kila mstari.

Anayeidhinisha benki awe mtu mwingine, ashike orodha iliyosainiwa mkononi na alinganishe idadi na jumla zinazoonekana kwenye skrini. Akishabonyeza na fedha ikaingia kwa mtu mwingine, kwa kawaida benki haiichukui tena bila ridhaa ya aliyeipokea.