Nani Amekwenda Hospitali?

"Jamani, anahitajika mtu wa damu O hasi, haraka sana!" Ujumbe kama huu ukiingia kwenye grupu la WhatsApp la wachangia damu, majibu hayakawii. Mmoja anaandika "nipo", wa pili anauliza ni hospitali gani, wa tatu anaweka viganja vya dua. Saa moja baadaye ujumbe umefunikwa na tangazo la msiba, na hakuna ajuaye kama kuna aliyekwenda kweli.

Mratibu wa kikundi kimoja cha kujitolea Dar es Salaam aliona hali hiyo mara nyingi, akawaandikia wenzake barua: ombi lolote la dharura sasa lijazwe kwenye fomu moja, lisitumwe kwenye grupu.

Sababu aliieleza kwa kisa. Mgonjwa alihitaji chupa mbili. Ujumbe ukasambaa toka grupu hadi grupu, wakachangia watu saba, na siku nne baadaye ndugu zake walikuwa bado wanapigiwa simu. Nchini Tanzania mwanamume akishachangia husubiri miezi mitatu, mwanamke minne. Kwa hiyo ombi jipya la O hasi lilipokuja wiki iliyofuata, wenye kundi hilo adimu walikuwa wamekwishatoa.

Fomu yenyewe ina maswali sita: hospitali na wodi, kundi la damu, idadi ya chupa, mwisho wa kuhitajika, simu ya ndugu, na jina la anayeomba. Yote ni ya lazima. Ukiacha moja, haitumwi. Hapo ndipo nguvu yake ilipo, kwani swali la "hospitali gani?" hujibiwa kabla halijaulizwa. Kila ombi huingia kwenye jedwali likiwa na saa yake, na mtu wa zamu huandika pembeni nani ameitwa na lini limekamilika. Namba ya ndugu nayo haizagai mbele ya mamia ya watu.

Lakini fomu ni bubu. Taarifa ya ombi jipya huenda kwenye barua pepe, na asipokuwepo wa kuifungua, ombi hulala humo kimya kuliko ambavyo lingelala kwenye grupu. Ndiyo maana barua iliambatana na orodha ya zamu za mchana na usiku, pamoja na namba ya kupiga kwa asiye na bando. Wa zamu atamjazia.

Barua ilisisitiza pia kwamba damu iliyotolewa leo hupimwa kwanza VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Mgonjwa anayevuja damu sasa hivi hutegemea akiba iliyopo hospitalini. Ndugu azungumze kwanza na daktari au benki ya damu, kisha ndipo ajaze fomu.