Namba 4 Ina Joto Kiasi Gani?

Maelekezo ya keki yanasema nyuzi 180. Swichi ya oveni ya gesi ina namba 1 hadi 9, basi. Hakuna alama ya nyuzi wala maelezo, na kitabu cha jiko kilishapotea siku nyingi.

Namba hizo zina historia. Mwaka 1923 majiko ya New World yalianza kuuzwa Uingereza yakiwa na kidhibiti joto kilichoitwa Regulo, na mpishi akawa anachagua namba tu. Katika mpangilio wa Kiingereza unaotumika hadi leo, namba 1 ni nyuzi 275 za Farenhaiti, na kila hatua huongeza 25. Kwa Selsiasi, kila hatua ni kama nyuzi 14. Kwa hiyo anayetaka kukadiria huzidisha namba kwa 14, kisha hujumlisha 121. Namba 4 inatoa 56. Ukijumlisha 121 unapata 177, ndiyo ile 180 ya keki. Namba 6 inakaribia 205, joto linalofaa kuku wa kuchoma.

Tatizo ni kwamba Wafaransa wana hesabu yao. Kwenye oveni zao namba huzidishwa kwa 30, hivyo 180 yao ni namba 6. Aliyezoea jiko la Kifaransa akiiweka keki kwenye namba 6 ya Kiingereza, ataitoa ikiwa imeungua juu na mbichi ndani.

Halafu kuna majiko ya bei nafuu ambayo namba zake hazipimi joto kabisa. Zinaongeza au kupunguza gesi tu. Kuyatambua si kazi. Washa oveni kwenye namba ndogo, funga mlango, kisha chungulia moto baada ya dakika 20. Kwenye oveni yenye kidhibiti, moto hujipunguza wenyewe joto likishafika. Usipobadilika hata kidogo, huenda swichi hiyo ni koki tu, na hesabu zote za hapo juu hazina maana kwake.

Kipimajoto cha oveni, kikining'inizwa kwenye chaga ya katikati, humaliza ubishi. Asiyenacho anaweza kutumia sukari nyeupe, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 186 hivi. Kijiko kimoja huwekwa juu ya karatasi ya foili, katikati ya oveni iliyokwisha kupata moto, kwa dakika 15. Kwenye namba 4 ya Kiingereza chembe zinapaswa kubaki chembe. Kwenye namba 5, inayokaribia 190, ziyeyuke. Zikiyeyuka kwenye 4, oveni ina joto kuliko inavyodai, na keki ijayo iokwe kwenye 3.

Na iwekwe chaga ya katikati. Moto wa oveni nyingi za aina hii uko chini ya sakafu, kwa hiyo bati lililowekwa chini kabisa huunguza kitako cha keki kabla juu hakujabadilika rangi, hata namba ikiwa sahihi.