CHATI YA DUARA AU YA NGUZO? Dodoso la wateja wangu wa asali lilivyonichanganya

Leo nimeona niandike kitu ambacho karibu kinitie hasara, na naamini wengi humu mtakutana nacho maana siku hizi kila mtu anatuma dodoso kwa wateja.

Kwa wanaonifahamu, nauza asali ya hapa Tabora mtandaoni. Mzigo unatoka Sikonge kwa baba mdogo mwenye mizinga, mimi nachuja, nafungasha, natuma. Wateja wangu wametawanyika kwenye ile njia ya zamani ya misafara, kuanzia pwani mpaka Ujiji. Zamani watu waliitembea kwa miguu, halafu reli ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na mimi leo natuma dumu kwa basi na treni kwenye mstari ule ule.

Nikawa na pesa ya kuweka mzigo kwa wakala mmoja tu nje ya Tabora. Swali likawa, nimuweke wapi? Nikatengeneza dodoso kwenye Google Forms, nikalirusha kwenye grupu la wateja. Swali la kwanza, "Unapokelea mzigo wapi?" Wakajibu 48. Majibu yalikuwa hivi: Dar es Salaam 10, Dodoma 9, Tabora mjini 11, Urambo 6, Kaliua 4, Kigoma 8.

Sasa ukiweka swali la Multiple choice, yaani mtu achague jibu moja tu, Google Forms inakupa chati ya duara yenyewe bila kuuliza. Ile kama chapati iliyokatwa vipande. Nikaiangalia kwenye simu. Dar ilikuwa chaguo la kwanza kwenye orodha, kwa hiyo kipande chake kimeanza juu kabisa, rangi ya bluu, kinaonekana hasa. Nikasema basi, wakala anakaa Dar.

Nikampelekea baba mdogo ile picha, maana mzigo ni wake pia. Akaishika simu, akaisogeza mbali na macho, akaniuliza, "Mwanangu, hapa mkubwa ni nani?" Nikamwambia Dar. Akasema, "Mbona hiki cha njano naona kama kimekizidi?" Cha njano ilikuwa Tabora mjini. Na kweli kilikuwa kimezidi, 11 kwa 10. Mimi mwenye dodoso sikuwa nimeona.

Nikafanya jaribio ambalo nawashauri mlifanye na nyie. Ziba zile namba za asilimia kwa kidole, halafu jaribu kupanga vipande kuanzia kikubwa mpaka kidogo. Ukishindwa, hiyo chati haikusaidii kitu, kazi yote inafanywa na namba zilizoandikwa juu yake. Na kwenye simu vipande vyembamba mara nyingi hata hiyo namba haitokei, mpaka ukibonyeze.

Sababu yake ni jicho. Kwenye duara unalinganisha pembe, na kila kipande kimeelekea upande wake. Kimoja kimetazama juu, kingine kimelala kushoto. Kwenye chati ya nguzo, nguzo zote zimeanzia mstari mmoja, unachoangalia ni ipi imefika mbali. Ni kama kupima urefu wa watoto. Ukiwasimamisha wote ukutani unaona mara moja, ila mmoja akikaa na mwingine akilala utakisia tu. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Marekani, Cleveland na McGill, waliwapima watu kwa jambo hili hili, wakakuta wanakosea zaidi wakikisia kwa pembe kuliko wakilinganisha vitu vilivyo kwenye kipimo kimoja. Kwa hiyo baba mdogo hakuwa na tatizo la macho.

Basi nikabadilisha ile duara kuwa nguzo. Nikiwa naibadilisha ndipo nikagundua jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko hata la macho: nguzo unaweza kuzipanga. Duara halina mwanzo wala mwisho, kipande cha mwisho kinagusana na cha kwanza, Kigoma imekaa bega kwa bega na Dar! Nguzo mimi nilizipanga kwa njia yenyewe, kutoka mashariki kwenda magharibi: Dar, Dodoma, Tabora, Urambo, Kaliua, Kigoma.

Hapo picha ikabadilika. Tabora ipo katikati, mkono mmoja Dar na Dodoma, jumla watu 19. Mkono wa pili Urambo, Kaliua na Kigoma, jumla 18. Mimi siku zote nilikuwa najua wateja wangu wako upande wa Dar, kumbe karibu nusu ya wateja wa nje iko upande wa Ujiji. Kwenye duara hao wa magharibi walikuwa vipande vitatu vya rangi tofauti, viwili vyembamba, nikavidharau.

Ingekuwa majina hayana mpangilio wake, mfano umeuliza watu wanapenda ladha gani ya sabuni, ungezipanga kuanzia ndefu mpaka fupi. Lakini kama vitu vina mpangilio wake wa asili, kama vituo vya njiani, miezi, umri au ujazo wa chupa (robo, nusu, lita moja), acha mpangilio huo. Ukiuvuruga kwa kupanga kwa ukubwa, unapoteza ile habari.

Namna ya kufanya: kwenye Google Forms fungua Responses, bonyeza Link to Sheets, majibu yote yatahamia kwenye jedwali, kila mtu mstari wake. Pembeni andika majina ya miji kwa mpangilio unaotaka, na mbele ya kila jina weka hesabu yake. Kwangu majibu ya mji yalikuwa safu ya B:

```
=COUNTIF(B:B,"Urambo")
```

Ukimaliza miji yote, chagua hilo jedwali dogo, nenda Insert, Chart, halafu kwenye Chart type chagua Column chart kwa nguzo zilizosimama au Bar chart kwa zilizolala. Majina yakiwa marefu tumia zilizolala, la sivyo kwenye simu maandishi yatapinda na mtu asome kwa kuinamisha shingo. Na rangi iwe moja tu. Jina lipo chini ya nguzo, rangi sita za nini?

Sasa kosa la pili, na hili ndilo lilitaka kunipotezea pesa kweli. Nilikuwa nimeuliza pia, "Ulitusikia wapi?", nikaweka Checkboxes ili mtu aweze kuweka tiki zaidi ya moja. Watu 48 wakaweka tiki 80: WhatsApp 32, ndugu au rafiki 22, Instagram 17, Facebook 9. Google Forms kwenye swali la namna hii inakupa nguzo, sio duara. Mimi mjanja nikaona hazifanani na chati ya juu, nikachukua zile namba nikatengeneza duara langu mwenyewe.

Duara likasema WhatsApp asilimia 40. Nikasema aah, haifiki hata nusu, nikaanza kuhamishia pesa ya matangazo Instagram.

Angalia kilichotokea. Duara zima lazima liwe asilimia 100, kwa hiyo limechukua 32 likagawanya kwa tiki 80. Lakini mimi sijali tiki, najali watu. Watu walikuwa 48, na 32 kati ya 48 ni theluthi mbili, karibu asilimia 67. Yaani WhatsApp inaniletea wateja wawili kwa kila watatu, halafu mimi naipunguzia pesa! Namba hazikukosewa hata moja. Duara limebadilisha swali bila kuniambia.

Kwa hiyo kabla ya kutumia duara jumlisha majibu yote. Jumla ikizidi idadi ya watu waliojibu, duara halifai hata kama lina vipande viwili. Na ukihesabu majibu ya namna hii kwenye jedwali, kisanduku kimoja kinaweza kuwa na "WhatsApp, Instagram" pamoja, ile fomula ya juu itaruka huyo mtu. Weka nyota mbili:

```
=COUNTIF(C:C,"*WhatsApp*")
```

Msije mkanielewa vibaya kwamba duara ni baya siku zote. Swali langu la tatu lilikuwa, "Mzigo ulifika bila kuvuja?" Ndiyo 36, Hapana 12. Hili nimeliacha duara. Kila mtu ametoa jibu moja, vipande ni viwili, na ninachotaka kijulikane ni sehemu ya wote. Kile kipande cha Hapana ni robo kamili, pembe ya mraba kabisa, hata mtoto anaijua robo ya chapati. Kwenye nguzo ungeona moja ni mara tatu ya nyingine, ila ile "robo ya wateja wote wamepokea asali iliyovuja" isingekupiga hivyo. Kijana wangu anayefunga chupa nilimwonyesha tu, hakusema kitu. Kesho yake akaanza kuweka nailoni chini ya kifuniko.

Nguzo nazo zina mtego wake. Angalia mstari wa namba uanzie 0. Kama unaanzia 8, nguzo ya Dar yenye 10 itakuwa na urefu mara mbili ya Dodoma yenye 9, wakati tofauti ni mtu mmoja. Kwenye Column chart nenda Customize, Vertical axis, pale kwenye Min andika 0.

Hata ukianzia 0, mtu mmoja ni mtu mmoja. Kwa watu 48, Dar 10 na Dodoma 9 mimi nazihesabu kuwa sawa. Angekosa bando mteja mmoja siku ile, zingelingana. Ndiyo maana hata 19 kwa 18 sikuichukua kama mashariki wameshinda.

Wakala nimemuweka Urambo. Mashariki na magharibi wamelingana, lakini wa Urambo na Kaliua, watu 10, wako barabara moja na karibu, mzigo ukiisha naongeza siku hiyo hiyo. Dar na Dodoma wanaendelea kutumiwa mmoja mmoja kwa basi. Kigoma bado natafuta mtu wa kuaminika, kama kuna mwenye duka pale Ujiji au mjini aniandikie hapa chini.